Mwembe wenye maua meusi: msumeno kwanza, dawa baadaye

Kila mwaka, miembe ya pwani ikishachanua na mvua za mchoo zikapita usiku mmoja au miwili, watu huniita na maneno ni yale yale: "Maua yalijaa mti mzima, sasa yamekuwa meusi yanapukutika." Wengi huwa wameshanunua dawa. Mimi kwanza huangalia juu, kwenye vijiti vikavu vilivyo ndani ya mti, kwa sababu mara nyingi chule, ugonjwa wa kuvu unaokausha maua na vitunda, imekaa humo tangu msimu uliopita.

Nitaeleza kwa mwembe mmoja wa dodo niliouhudumia Kibaha, uani kwa mama mmoja. Ulikuwa na urefu wa mita 9 hivi, umefunga giza, matawi ya chini yanagusa ardhi na ya upande yamelalia bati.

Hatua ya 1: Hakikisha ni chule

Weusi kwenye mwembe una sababu nyingi. Chukua shada la maua na ulisugue kwa kidole chenye maji. Weusi ukitoka kama masizi ya sufuria, huo ni ukungu unaoota juu ya utomvu mtamu wa wadudu, na unaowatafuta ni wadudu. Ukiona unga mweupe kama wa muhogo umefunika maua, hasa wakati wa ukavu na baridi ya asubuhi, huo ni ubwiri unga.

Chule haifutiki. Huanza kwa vidoa vidogo vyeusi au vya kahawia iliyokolea, kwenye maua na kwenye vikonyo vyake. Vidoa hukua, huungana, na shada hukauka. Vitunda vidogo huwa vyeusi na kudondoka, vingine hubaki vimening'inia vimekauka kama punje za pilipili manga. Kwenye tunda lililokua kidogo utaona vidoa vilivyobonyea, na mara nyingine vinashuka kwa mstari kama machozi, kwa sababu maji yanayotiririka kutoka kwenye kikonyo yamebeba mbegu za kuvu.

Ukiwa bado na shaka, weka kipande cha shada lenye vidoa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na karatasi laini iliyoloweshwa, funga, uache kivulini siku mbili au tatu. Vikitokea vijipele vinavyonata vya rangi ya chungwa iliyopauka juu ya vidoa, ni chule. Vijipele hivyo ndivyo mbegu zenyewe.

Jambo moja la kumtuliza mwenye mti: mwembe wenye afya nao huangusha sehemu kubwa ya vitunda vyake vikiwa vidogo kama njegere. Kudondoka peke yake si ugonjwa. Angalia kama kilichodondoka kina vidoa.

Hatua ya 2: Tafuta ugonjwa unakolala

Mbegu za chule hazipeperuki kirahisi kama vumbi. Zimenata, na tone la maji ndilo linalozirusha na kuzishusha. Zikifika kwenye ua, zinahitaji unyevu ukae juu yake kwa saa nyingi ndipo ziote. Kwa hiyo ugonjwa unahitaji vitu viwili: ghala la mbegu juu ya maua, na mti usiokauka upesi baada ya mvua au umande.

Kwa mama yule ghala lilikuwa wazi. Vikonyo vya maua ya mwaka uliopita vilikuwa bado vimesimama, ncha za matawi zimekufa, matunda makavu yamekwama kwenye mapanda. Asubuhi saa nne, miti mingine imeshakauka, majani ya ndani ya mwembe ule bado yalikuwa na maji.

Hatua ya 3: Pogolea baada ya kuvuna

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mwembe hutoa maua kwenye ncha za matawi yaliyokwisha komaa. Ukikata Februari, mara baada ya mavuno, chipukizi hutoka na masika na kukomaa kabla ya msimu wa maua. Ukikata Mei au Juni umekata maua yenyewe, au utapata majani mapya wakati jirani anapata maua. Kama unasoma haya maua yakiwa karibu, toa vijiti vikavu tu siku ya jua, na matawi mabichi yasubiri.

Anza na vilivyokufa: vijiti, vikonyo vya zamani, matunda makavu. Kwa mwembe ule tulijaza viroba saba kabla ya kugusa tawi bichi hata moja. Kisha inua sketi ya mti, matawi ya chini yawe kama mita moja juu ya ardhi, ili matope na matone yasirukie majani. Halafu fungua katikati. Toa tawi moja au mawili yanayokwenda juu wima, na yale yanayosuguana. Ukisimama chini saa sita mchana, uone vipande vya jua vikicheza ardhini.

Tawi nene usilikate kwa mkupuo mmoja, litachana gome hadi kwenye shina. Kata kidogo kutoka chini kwanza, umbali wa shubiri mbili hivi kutoka shinani. Kisha kata kutoka juu, mbele kidogo ya hapo, tawi lianguke. Mwisho ondoa kigutu karibu na shina, ila uache ule uvimbe wa duara uliopo tawi linapoanzia. Kidonda hufungwa kutokea hapo.

Usitoe zaidi ya robo ya mti kwa mwaka. Tulishusha mwembe ule kutoka mita 9 hadi 7 mwaka wa kwanza, na hadi 5 mwaka uliofuata. Gome lililozoea kivuli likipigwa na jua ghafla huungua, basi lipake chokaa. Vaa mikono mirefu na ulinde macho, utomvu wa mwembe unababua.

Takataka zote zichome au zifukie. Zikiachwa chini ya mti, kazi imekuwa bure.

Hatua ya 4: Dawa, kwa wakati wake

Dawa hizi hukinga tu, ua lililokwisha kuwa jeusi halirudi. Mashada yakianza kuchomoza, kabla maua hayajafunguka, puliza dawa ya kopa. Maua yakifunguka, kopa inaweza kuyaunguza, hivyo tumia mankozebu jioni, nyuki wakiwa wamerudi. Rudia kila baada ya wiki mbili kama kuna mvua au umande mzito, mpaka matunda yawe makubwa kama yai la kuku. Kukiwa kukavu, acha. Kipimo na siku za kusubiri kabla ya kuvuna vifuate kibandiko cha kopo lako, kwani makopo hutofautiana. Ukiwa na bomba la mgongoni, mti wa mita 9 huwezi kuufikia juu, na maji ya mvua yatashusha ugonjwa kutoka huko huko.

Mwaka wa kwanza mama alipata maua machache upande tuliokata sana, na mvua ya mchoo bado ilileta vidoa. Mwaka wa pili mashada mengi yalishika matunda. Hata hivyo baadhi ya maembe yaliyochumwa safi yalitoka vidoa yakiiva ndani ya kapu, kwa sababu chule huingia kwenye tunda changa na kulala kimya mpaka liive. Kwa hiyo tulimshauri mengine ayachume mapema, ayale au ayauze mabichi kwa wauza maembe ya chumvi na pilipili.