Nembo ya jahazi kwa mhuri, kwa uzi na kwa stika nyeusi

Nembo ya somo hili ni ya mwenye jahazi anayetembeza wageni hapa Lamu: tanga jeupe, jua la rangi ya chungwa nyuma yake, na bahari ya buluu inayofifia kuelekea chini. Tutaiandaa kwa akili mnemba ili ifae kwa mhuri wa raba, kwa stika nyeusi na kwa kudarizi kwenye fulana.

Tuanze na mhuri, kwa kuwa ndio mgumu zaidi. Pakia picha ya nembo yenyewe kwenye programu ya akili mnemba, kwani ukiieleza kwa maneno matupu utachorewa jahazi jingine. Wengi huandika tu "ifanye nyeusi na nyeupe", wakarudishiwa picha yenye kijivu, ilhali raba ama inashika wino ama haishiki. Rangi ndizo zilizokuwa zikitenganisha jua na tanga, hivyo agizo lako lazima liseme kila rangi inageuka nini:

"Chora upya nembo hii kwa rangi moja, nyeusi kamili juu ya nyeupe kamili, bila kijivu, kivuli wala rangi inayofifia. Jua liwe duara jeusi lililojaa. Tanga libaki jeupe lenye mpaka mnene. Bahari iwe mawimbi mawili manene. Ondoa kamba na maandishi. Usibadilishe umbo la jahazi."

Maandishi utayaandika mwenyewe baadaye, kwa sababu programu hizi huweza kukosea herufi.

Kwa stika nyeusi, usigeuze tu rangi za picha ya mhuri. Tanga litakuwa jeusi na jua jeupe, na jahazi litaonekana kama negativu ya picha. Omba tanga lijae weupe, na jua liwe mstari mnene wa duara unaokatika kabla ya kuligusa tanga. Bila mwanya huo, vitu viwili vyeupe vitaungana.

Kudarizi kwataka picha nyepesi zaidi. Nembo ya kifuani yenye upana wa sentimita 8 isiwe na mstari mwembamba kuliko milimita 1. Programu haipimi milimita, kwa hiyo omba "mistari minene na michache", kisha chapisha picha kwa ukubwa halisi na uipime kwa rula.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, je, picha ya mhuri niigeuze kama kwenye kioo?*
Hapana, ndugu yangu. Ipeleke inavyosomeka, mchonga mhuri ndiye anayeigeuza.

*Niliomba stika isiyo na mandharinyuma, nikapewa vyumba vya kijivu na vyeupe kama ubao wa drafti.*
Mara nyingi vyumba hivyo vimechorwa ndani ya picha yenyewe. Omba nembo nyeupe juu ya nyeusi kamili, kisha uifungue kwa programu ya kuchora ya Inkscape na utumie Trace Bitmap ukichagua Invert image, ili ifuate weupe badala ya weusi. Futa picha ya awali na upake mistari rangi nyeupe, upate mistari halisi isiyo na mandharinyuma.

*Fundi wa kudarizi amekataa faili yangu ya PNG.*
Cherehani yake husoma faili ya mishono, kama DST, si picha. Picha yako ni mchoro wa kufuatwa tu, na kazi ya kupanga mishono hulipiwa kando; muulize bei kabla hujaagiza fulana.