Jinsi ya kuandika uthibitisho wa induksheni, na pale kwenye k+1 wengi wanapoangukia

Hii ni kwa walioko kidato cha tano na sita wanaopiga hesabu za advansi, maana swali la induksheni likija watu wanajaza ukurasa mzima, hesabu zinaonekana zimenyooka kabisa, halafu maksi zinarudi nusu na mtu haelewi kakatwa wapi. Huu uthibitisho chukulia kama fomu ya maombi: una sehemu nne, kila sehemu inataka kitu chake, na ukiruka moja ombi linarudi hata kama hizo nyingine umejaza vizuri. Na utaratibu wenyewe sio wa juzi, Pascal mwaka 1654 kwenye maandishi yake ya ile pembetatu ya namba alishaziweka wazi hizi kazi mbili, kwamba onyesha jambo ni kweli pale linapoanzia, halafu onyesha likiwa kweli sehemu moja basi lazima liwe kweli na inayofuata.

Tutumie swali moja tulimalize lote. Thibitisha kwamba 4^n + 15n − 1 inagawanyika kwa 9 kwa kila namba ya kuhesabia n.

Kwanza kabisa andika P(n) ni nini

Andika hivi: "P(n): 4^n + 15n − 1 inagawanyika kwa 9." Angalia hapo, P(n) ni sentensi nzima, ama ni kweli ama ni uongo, sio namba. Ukiandika P(n) = 4^n + 15n − 1 halafu huko chini ukasema "P(k) ni kweli" unakuwa unasema namba ni kweli, na hapo msahihishaji anaanza kukuangalia vibaya mapema.

Hatua ya 1: mwanzo

Weka n = 1. Unapata 4 + 15 − 1 = 18, na 18 = 9 × 2, kwa hiyo P(1) ni kweli. Imeisha. Wengine wanaendelea n = 2 (inatoa 45), n = 3 (inatoa 108), sio vibaya kufanya hivyo pembeni kwenye rafu kuhakikisha swali umelinakili sawasawa, ila kwenye uthibitisho haikuongezei kitu, hata ukifika mia.

Kuiruka hatua hii ndiyo hatari. Chukua huu uongo hapa: 2 + 4 + 6 + … + 2n = n² + n + 1. Ukikubali kwamba ni kweli kwa k, ukaongeza 2(k+1) pande zote, upande wa kulia unapata k² + 3k + 3, na ukifungua (k+1)² + (k+1) + 1 unapata hicho hicho k² + 3k + 3. Yaani hatua ya k kwenda k+1 inapita bila kosa hata moja, na bado sentensi ni uongo kwa kila n, anza na n = 1, kushoto ni 2 kulia ni 3. Kwa hiyo huo mstari mmoja wa mwanzo unaouona mdogo ndio peke yake unaoweza kumkamata huyu.

Hatua ya 2: dhana

Andika: "Chukulia P(k) ni kweli kwa k fulani, k ≥ 1. Yaani 4^k + 15k − 1 = 9m, ambapo m ni namba kamili."

Neno la kulinda hapo ni *fulani*. Wengi wanaandika "chukulia P(k) ni kweli kwa kila k", sasa ukishachukulia ni kweli kwa kila k umebakiza nini cha kuthibitisha, si ndicho ulichoulizwa? Unachukua k mmoja tu, humtaji ni nani, na unaonyesha akiwa yeye yuko sawa basi jirani yake naye yuko sawa. Na usisahau kusema m ni namba kamili, maana bila hiyo kila namba duniani inaandikika kama 9 mara kitu, hata 10 ni 9 mara 10/9.

Halafu geuza kidogo hiyo dhana ikae mkao wa kutumika: 4^k = 9m − 15k + 1. Itakuokoa sasa hivi.

Hatua ya 3: kutoka k kwenda k+1

Hapa ndipo kazi ilipo, nenda taratibu. Popote palipo na n weka (k+1), na mabano yake:

4^(k+1) + 15(k+1) − 1

Fungua: 4·4^k + 15k + 15 − 1, yaani 4·4^k + 15k + 14. Sasa ile 4^k itoe, weka ulichopata kwenye dhana:

4(9m − 15k + 1) + 15k + 14
= 36m − 60k + 4 + 15k + 14
= 36m − 45k + 18
= 9(4m − 5k + 2)

Kwa kuwa m na k ni namba kamili, 4m − 5k + 2 nayo ni namba kamili, kwa hiyo P(k+1) ni kweli.

Kabla hujaendelea chek kwa namba, inachukua sekunde chache. Kwa k = 1 m ilikuwa 2, basi 9(8 − 5 + 2) = 9 × 5 = 45, na hiyo ndiyo thamani ya n = 2 tuliyoiona juu. Ikigoma kulingana ujue kuna kitu umevuruga katikati.

Hatua ya 4: funga

"P(1) ni kweli, na kila P(k) ikiwa kweli P(k+1) nayo ni kweli, kwa hiyo kwa induksheni P(n) ni kweli kwa kila namba ya kuhesabia n." Sentensi moja tu, andika, usiiache eti kwa sababu inajulikana.

Sasa makosa, na karibu yote yako hatua ya 3

La kwanza ni mabano. Mtu anaandika 15k + 1 badala ya 15(k+1). Akiendelea nayo anafika 36m − 45k + 4, ile 4 ya mwisho haigawanyiki kwa 9, na sasa anajikuta kakwama, na akikwama badala ya kurudi nyuma analazimisha, anaandika tu "= 9(…)" na anaomba Mungu. Ukiona kuna kibaki kimoja kinagoma kuingia kwenye kigawo, usilazimishe, rudi mstari wa kwanza wa k+1, mara nyingi kosa liko pale pale. Ndugu yake ni yule anayeandika 4^(k+1) kama 4^k + 4, hapana, ni 4 *mara* 4^k.

Kwenye maswali ya jumla ya mfululizo, hili kosa linakuja na sura nyingine: kwa 1 + 3 + … + (2n − 1) = n², mtu akifika k+1 anaandika kwamba 2(k+1) − 1 peke yake ndiyo sawa na (k+1)². Hiyo ni namba ya mwisho tu kwenye mfululizo, jumla ya zote zilizotangulia bado ipo na ndiyo k² uliyokubali kwenye dhana, kwa hiyo upande wa kushoto ni k² + (2k + 1).

La pili, na hili hata wazuri wanalifanya, ni kuanzia mwisho. Mtu anaandika moja kwa moja k² + 2k + 1 = (k+1)² kama mlinganyo tayari, anahamisha huku na huku, anafuta pande zote mpaka anabaki na 0 = 0, anaweka tiki. Shida ni kwamba kufika kwenye kitu cha kweli hakuonyeshi ulikotoka ni kweli. Andika −1 = 1, zidisha kila upande kwa wenyewe, unapata 1 = 1, safi kabisa, je −1 ni sawa na 1? Dawa ni kushika upande mmoja tu, wa kushoto, ukaubadilisha mstari kwa mstari mpaka ugeuke kuwa wa kulia. Unapotaka kufika kaandike pembeni kwenye rafu kama dira, usikuweke ndani ya uthibitisho kama kitu unachokijua tayari.

Kipimo kingine: pitia hatua yako ya 3 uoneshe kwa kidole ni wapi ulipotumia dhana. Kwetu sisi ni pale 4^k ilipogeuka 9m − 15k + 1. Kama hupaoni, basi ama umethibitisha kwa njia nyingine kabisa bila induksheni (inatokea, na sio kosa), ama kuna mahali umejipa jibu bure.

La tatu ni gumu kuliko yote kuliona kwa sababu hakuna hesabu iliyokosewa. Tuseme P(n) ni "kwenye kundi lolote la mbuzi n, wote wana rangi moja". Kwa n = 1 ni kweli, mbuzi mmoja ana rangi yake. Chukulia ni kweli kwa k. Leta mbuzi k+1, wapange mstari, mtoe wa mwisho, waliobaki ni k kwa hiyo wana rangi moja. Mrudishe, mtoe wa kwanza, waliobaki ni k tena, nao wana rangi moja. Wale wa katikati walikuwepo kwenye makundi yote mawili, kwa hiyo wote k+1 rangi moja. Basi mbuzi wote duniani wanafanana!

Weka k = 1 uone. Mbuzi ni wawili, ukimtoa wa mwisho anabaki wa kwanza, ukimtoa wa kwanza anabaki wa mwisho, na wa katikati hayupo. Hatua hiyo inafanya kazi vizuri kabisa kuanzia k = 2 kwenda juu, imekatika sehemu moja tu, kutoka 1 kwenda 2, na hapo pameanguka pote. Kwa hiyo ukimaliza hatua ya 3 ipitishe kwa mkono na k ndogo kuliko zote, ile ile uliyoanza nayo hatua ya 1, usiseme tu "k yoyote".

Na kuna maswali ambayo P(k) peke yake haitoshi kukupeleka P(k+1), hasa yale ya mfululizo kama wa Fibonachi ambapo kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia. Hapo dhana yako lazima ichukue P(k) na P(k−1) pamoja, na hatua ya 1 inataka uoneshe mwanzo mara mbili, n = 1 na n = 2, ukiweka moja tu umerudi kule kule kwa mbuzi.