Lubumbashi: kupima «CPA cible» dhidi ya «Maximiser les clics»

Tuchukue duka la paneli za jua hapa Lubumbashi linalotangaza kwenye Google Ads na linalochagua kati ya njia mbili za kutumia bajeti: Maximiser les clics, inayotafuta mibofyo mingi kadiri iwezekanavyo, na CPA cible, inayotafuta oda kwa gharama unayolenga. Oda moja huhesabiwa mteja anapojaza fomu. Hesabu zilizo hapa ni za mfano.

Kwanza, fungua jaribio ndani ya kampeni ileile na ugawe bajeti nusu kwa nusu, matangazo na maneno yakiwa sawa. Usipime mwezi wa Machi kwa njia moja na Aprili kwa nyingine, maana umeme ukikatika sana Aprili, wanunuzi wa paneli wataongezeka bila mkono wako. Upande wa CPA cible, anza na gharama ya oda uliyokuwa ukilipa siku 30 zilizopita.

Acha jaribio wiki sita. Wiki mbili za mwanzo usizihesabu, mfumo bado unajifunza. Ya mwisho pia itoe: Google huandika oda kwenye siku ya kubofya, na mnunuzi wa paneli hufikiri siku kadhaa, kwa hiyo wiki hiyo huonekana mbaya kuliko ilivyo.

Katika wiki tatu zilizobaki, Maximiser les clics imekula dola 315: mibofyo 1,260, oda 21. CPA cible imekula dola 264: mibofyo 480, oda 24. Mbofyo mmoja ni dola 0.25 kwa 0.55, na hapo wengi huikimbia CPA cible. Gawa matumizi kwa oda: dola 15 kwa 11.

Lakini usifunge kesi. Oda 21 na 24 ni chache, na tofauti ya oda tatu inaweza kuletwa na bahati tu. Tazama wiki moja moja:

- Maximiser les clics: oda 9, 5, 7
- CPA cible: oda 7, 9, 8

Wiki ya kwanza mibofyo ndiyo iliyoshinda! Mimi ningeongeza wiki nne kabla ya kuhamisha bajeti yote.

Maswali

*Yaya, niliweka lengo la dola 3 kwenye CPA cible na tangazo halionekani tena. Kwa nini?*
Mdogo wangu, ikiwa oda imekuwa ikikugharimu 15, mfumo hauoni mnada unaofaa kwa 3, unanyamaza. Rudi karibu na 15, kisha shusha kidogo kidogo.

*Niko Bukavu, nahesabu kila anayegusa kitufe cha WhatsApp. Ni sawa?*
Hapana, mama. CPA cible itakutafutia wagusaji, hata wasionunua. Rudisha kwenye akaunti mauzo yaliyolipwa kweli, au angalau wanaoulizia bei.

*Napata oda nne kwa mwezi. Nichague ipi?*
Kwa sasa kaa na mibofyo, uwekee kikomo cha bei ya mbofyo. Oda nne hazitoshi mfumo kujifunza. Ukifika 15 hadi 30 kwa mwezi, ndipo uanze jaribio.