Somo: Bwawa la samaki la mita 10 kwa 20, gharama zake na unachobaki nacho

Watu wengi wanaouliza kuhusu ufugaji wa samaki huanza na uchimbaji, maana ndiyo gharama inayoonekana. Shimo unalilipia mara moja. Kinachorudi kila siku ni chakula, na humo ndimo faida inamopatikana au kupotelea. Kwa hiyo uchimbaji nitaupitia haraka, chakula nitakikalia.

Mfano ni bwawa la udongo la mita 200 za mraba, maeneo ya joto kama Morogoro, unafuga sato. Bei ni za makadirio kwa shilingi ya Tanzania. Weka za kwenu, ila usibadilishe mpangilio wa hesabu.

Hatua ya 1: Udongo na uchimbaji

Kabla ya kumwita kibarua, chimba shimo la kina cha kiunoni, lijaze maji jioni, asubuhi ulijaze tena. Maji ya mara ya kwanza huzama hata kwenye udongo mzuri, kwa hiyo angalia hayo ya mara ya pili. Yakibaki mengi hadi jioni, udongo unashika. Yakikauka upesi, hamisha eneo, kwani turubai la kutandika bwawa zima litakula mtaji wako wote.

Upande wa kuingizia maji uwe na kina cha sentimita 80 hivi, wa kutolea mita 1.2, na sakafu iteremke kuelekea kwenye bomba la kutolea ili siku ya kuvuna maji yaishe yote. Udongo unaotoka ndio unaojenga kingo, kwa hiyo huchimbi kina chote. Kadiria mita za ujazo 150. Kwa 4,000 kila moja ni 600,000. Mabomba, chujio na nyavu za kuzuia ndege weka 150,000. Jumla 750,000. Kama unachepusha maji ya mto, pitia kwanza ofisi ya bonde la maji kuhusu kibali.

Hatua ya 2: Kuandaa maji

Mwaga chokaa ya kilimo kilo 40 sakafuni na kwenye kingo, kisha jaza maji, weka samadi iliyokauka na subiri kama wiki mbili. Maji yatageuka kijani, na ukijani huo ni chakula cha kwanza cha vifaranga. Ingiza mkono: kiganja kikipotea machoni maji yanapofika karibu na kiwiko, yako tayari. Kikipotea mapema kabisa, samadi imezidi. Chokaa na samadi, 30,000.

Hatua ya 3: Vifaranga

Weka watatu kwa kila mita ya mraba, yaani 600. Nunua madume tupu. Sato waliochanganyika jinsia huanza kuzaa wakiwa bado wadogo, na baada ya miezi michache utakuwa unalisha watoto ambao hukuwanunua huku wakubwa wamedumaa. Kwa 200 kila mmoja ni 120,000, na usafiri 30,000. Morogoro kuna kituo cha serikali cha Kingolwira. Popote unaponunua, uliza wamezalishaje hayo madume na umwone mwenyewe anayekuhesabia.

Mfuko ukifika, uache uelee bwawani dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, ndipo uufungue. Fanya hivyo asubuhi au jioni.

Hatua ya 4: Chakula

Tuseme asilimia 80 wanafika mwisho. Hao ni samaki 480, wakiwa na gramu 250 kila mmoja baada ya miezi 6 hadi 8 unapata kilo 120. Chakula kizuri cha dukani cha punje zinazoelea hutumia karibu kilo 1.7 kutoa kilo moja ya samaki. Hapo unahitaji kilo 204. Kwa 2,800 kwa kilo ni 571,200.

Gharama za msimu sasa ni 30,000 + 120,000 + 30,000 + 571,200 = 751,200. Chakula peke yake ni robo tatu. Ukiuza mwenyewe bwawani kwa 8,000 kwa kilo unapata 960,000, unabaki na 208,800. Shimo la 750,000 litarudi kwenye msimu wa nne. Akija mchuuzi akachukua wote kwa 6,000, unapata 720,000, na hapo umepata hasara kabla hata ya kugusa deni la shimo. Tafuta wanunuzi mwezi mmoja kabla ya kuvuna.

Sasa chakula cha kuchanganya nyumbani: mashudu ya alizeti, pumba, soya iliyokaangwa na dagaa wa kusaga. Tuseme kilo inakugharimu 1,600, lakini samaki wanahitaji kilo 2.2 kuongeza kilo moja. Kilo moja ya samaki inakula chakula cha 3,520 badala ya 4,760. Msimu unabaki na 357,600, ingawa utachelewa kidogo kuvuna. Usilinganishe bei ya mfuko kwa mfuko. Linganisha chakula kilichotoa kilo moja ya samaki.

Kiasi cha kila siku kipime. Kila mwezi vua samaki 20 hadi 30, wapime, tafuta wastani. Wakiwa na gramu 80 na unakadiria wapo 550, bwawani kuna kilo 44. Asilimia 4 ya hapo ni kilo 1.76 kwa siku, igawe asubuhi na saa kumi jioni. Kadiri wanavyokua, shusha asilimia hadi 3, kisha 2. Punje zikibaki zinaelea baada ya dakika 15, umezidisha: hizo ni hela zako zinazooza na kuharibu maji.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwa nini nisiweke 1,500 humo humo ili nivune mara mbili?*

Hewa ya maji haitatosha, ndugu yangu. Usiku ukijani nao unavuta hewa, na alfajiri utawakuta samaki juu wanahema kwa midomo. Ukiona hivyo, ingiza maji mapya mara moja, simamisha chakula na samadi siku hiyo. Bila mashine ya kuingiza hewa, baki na 3 kwa mita.

*Mimi mtaji wa chakula sina kabisa, Mwalimu. Samadi peke yake inafaa?*

Inafaa, dada, ila punguza samaki. Weka 200 tu, mmoja kwa mita, na urutubishe maji kila wiki ukiangalia ule mkono. Wakifika 160 wa gramu 200, ni kilo 32, yaani 256,000. Umetumia kama 100,000 kwa vifaranga, usafiri, chokaa na samadi. Unabaki na 156,000 bila kununua mfuko hata mmoja, na hata mchuuzi wa 6,000 hakuingizi kwenye hasara.

*Shikamoo Mwalimu. Niko Makete huku kwenye baridi, hesabu hii inanihusu?*

Marahaba. Uchimbaji ndiyo, mapato hapana. Sato anakua vizuri maji yakiwa nyuzi 25 hadi 30, chini ya 20 karibu anaacha kula. Pima maji yako asubuhi na mchana kwa wiki kadhaa za baridi kabla ya kuchimba. Yakikaa chini ya 20 siku nyingi, miezi 8 haitakutosha, na kila mwezi wa ziada unaulipia chakula.

*Vifaranga wangu 600, nimevuna 310 na sikuona waliokufa. Wameenda wapi?*

Samaki wakubwa wakifa kwa kawaida huelea ukawaona. Wanaopotea kimyakimya mara nyingi huliwa au huibwa. Angalia kingo asubuhi: magamba na mabaki ya samaki ni fisi maji au kenge, kinyesi cheupe kwenye miti ni mnandi na mdiria. Nyavu zifunike bwawa zima miezi miwili ya kwanza, nyasi ndefu pembeni zifyekwe. Kama hakuna alama yoyote, chunguza chujio la bomba la kutolea maji, kisha uulize nani anapita hapo usiku.