Kabla Hujapita Penye Lami Mbichi: Viatu, Pindo la Suruali na Bodi la Gari

Suruali yangu niliiharibu kwa kujifanya najua. Tulikuwa tunatoka Mafinga kwenda Mbeya kwenye kikao cha harusi ya mpwa wangu, mwezi wa saba, na baada ya Igawa tukasimamishwa na kijana wa bendera. Nikashuka kunyoosha miguu, nikakanyaga ukingo wa barabara uliolowa kitu cha kahawia, kahawia ile ya kakao iliyotiwa maziwa. Kiatu cha kulia kikalowa hadi kwenye kamba, na pindo la suruali yangu ya kaki likapata madoa. Nikaona ni tope. Na tope, aliyekulia huku Nyanda za Juu Kusini anajua, halifutwi likiwa bichi: unaliacha likauke, halafu unalipukutisha. Nikaliacha likauke. Tulipofika Uyole lilikuwa jeusi tii, na halikupukutika hata punje.

Kumbe ile ilikuwa lami iliyochanganywa na maji. Hunyunyiziwa juu ya barabara ili tabaka jipya la lami lishikane na la chini. Ikiwa bado ya kahawia, vitone vya lami vinaelea ndani ya maji, kila kimoja peke yake, kama mafuta yaeleavyo kwenye maziwa. Maji yakijitenga, vitone vinaungana na rangi inageuka nyeusi. Kabla ya hapo inatoka kwa maji ya kawaida na sabuni. Baada ya hapo, hata umwage pipa zima, haitoki. Baridi ya huku inakusaidia kidogo, kwa sababu siku ya mawingu mgeuko huo unachelewa kuliko kwenye jua kali, lakini usiutegemee.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kuweka kwenye gari, kabla ya mafuta yoyote, ni dumu la maji la lita 5 na kichupa cha sabuni ya vyombo. Ukiona kahawia, lowanisha hapo hapo, sugua kwa sabuni, suuza. Maji yakitiririka na rangi ya kahawia, endelea, yanaondoka. Yakitiririka meupe na doa limebaki jeusi, acha kusugua, maana sasa unalishindilia tu kwenye nyuzi.

Kuna aina nyingine mbili utakazokutana nazo, na inafaa uzitambue kabla hujagusa. Moja ni praima, lami nyepesi iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa, inayomwagwa juu ya changarawe iliyoshindiliwa. Hii ni nyeusi tangu mwanzo, nyembamba, na inanuka mafuta ya taa. Imetengenezwa ili ipenye chini, kwa hiyo kwenye kitambaa nako inapenya, na hubaki inanata hata siku nzima au zaidi. Ya pili ni lami ya moto, ambayo juu yake humwagwa kokoto. Hii hurushwa na matairi ikiwa na punje za mawe, na hushika vidonge vidonge nyuma ya magurudumu, chini ya milango na kwenye bampa la nyuma. Ukipita hapo, shusha mwendo uwe kama wa baiskeli na usimfuate mwenye lori kwa karibu. Madoa mengi ya bodi hayatoki kwenye matairi yako peke yake.

Mbali na maji na sabuni, mimi hubeba robo lita ya mafuta ya alizeti, fulana kuukuu mbili zilizokatwa vipande, kadi ya benki iliyokwisha muda wake, glavu na mfuko wa kutia matambara machafu. Mafuta ya taa yanabaki nyumbani, kwenye kidumu chake chenye alama, kamwe si kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto akipiga funda moja, yanaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo safari ni ya hospitali, bila kumtapisha.

Mtu ataniuliza kwa nini alizeti na si petroli, wakati petroli inakula lami mara moja. Lami ni mafuta mazito, na mafuta huyeyushwa na mafuta. Alizeti hufanya kazi hiyo polepole, mafuta ya taa kwa kasi ya kati, petroli kwa haraka. Lakini petroli inakula pia gundi ya soli na raba, na mvuke wake unadaka moto hata kwenye baridi. Mwezi wa sita na wa saba huku nyumba nyingi zina jiko la mkaa linalowaka ndani. Anayefua suruali kwa petroli karibu na jiko hilo anacheza na nyumba yake. Mafuta ya taa nayo yatumie nje, lakini angalau hayana pupa hiyo.

Sasa suruali. Mambo matatu usiyafanye kabla: usimwagie maji ya moto, usipige pasi, usitie jiki. Joto linalainisha lami na kuisambaza, na jiki inachubua rangi ya kitambaa huku doa likiitazama tu. Dada yangu, tuliyefikia kwake, aliponikuta natafuta sufuria ya kuchemsha maji alinizuia mlangoni: "Kaka, hiyo siyo ya maji. Itundike nje kwanza, ilale na baridi."

Nikaitundika. Saa kumi na mbili alfajiri suruali ilikuwa baridi kama bati, na kile kidonge kinene cha pindoni kilikuwa kimekakamaa. Nikakunja pindo pale pale penye doa, kikatoa mlio mdogo, kikapasuka. Nikaingiza ukingo wa kadi chini yake na kuking'oa vipande vipande kabla jua halijafika uani. Hii inafaa kwa lami iliyokaa juu ya nguo tu. Ile iliyozama ndani ya nyuzi haijali baridi.

Kwa iliyozama, kunja tambara safi mara nne, uliweke ndani ya mguu wa suruali chini ya doa. Tia mafuta ya alizeti, kwangu vilitosha vijiko viwili vya chai, uache nusu saa. Kisha bonyeza kwa tambara jingine, usisugue kwa kuzungusha, maana kuzungusha kunaongeza mzingo wa doa. Utaona tambara la chini linanyonya rangi ya kahawia iliyoiva. Lisogeze upate sehemu safi, ongeza mafuta, rudia. Mimi nilirudia mara tatu. Rangi inayotoka ikianza kufanana na chai ya rangi badala ya kahawa, umekaribia. Hapo ndipo inakuja sabuni ya vyombo, na inapakwa ikiwa nzito, kabla ya tone lolote la maji, ili iyashike mafuta. Ukianza na maji, mafuta yanabaki na lami inabaki nayo. Ukishapaka na kufikicha, ndipo ufue kwa maji ya uvuguvugu.

Anika kivulini. Ikikauka, igeuze uitazame kwa ndani kwenye mwanga: mara nyingi inabaki duara ya njano ya kahawia. Hiyo bado ni lami, sehemu yake nyepesi, na bado inatoka. Irudie kwa mafuta ya taa, kidogo tu kwenye ncha ya tambara, kisha sabuni tena, na uiache nje mpaka harufu iishe kabla ya kuikaribisha kwenye pasi.

Kwenye viatu, la kwanza ni kabla hujarudi kwenye gari: kanyaga mchanga au majivu mpaka soli isinate, la sivyo zulia la gari litakuwa kazi ya nne. Kiatu cha ngozi usikimwagie mafuta. Tia kidogo kwenye tambara, pangusa doa kutoka ukingoni kuelekea katikati, badilisha upande wa tambara kila mara. Dawa ya viatu ya nta nayo husaidia doa dogo, kwa sababu ndani yake mna kiyeyushi. Pale soli inapokutana na ngozi, usipitishe mafuta ya taa, hapo ndipo penye gundi. Raba yenye soli ya sponji iguswe na alizeti tu. Na kiatu cha ngozi ya manyoya, ukishang'oa vidonge alfajiri kwenye baridi, mpelekee fundi. Mafuta yatakuachia doa jipya badala ya lile la zamani.

Gari lilikuwa na shida yake. Kijana wa kuosha magari aliniamkia vizuri, "Shikamoo mzee," kisha akachukua stilwaya na kopo la petroli. Nilimshukuru nikamwomba ndoo ya maji tu. Sehemu za chini za bodi zina mchanga, na ukipaka mafuta kabla ya kuuosha utakuwa unasugua rangi kwa msasa. Osha kwanza, gari likiwa kivulini na bati limepoa. Halafu jaribu mafuta yako mahali pasipoonekana, kwa mfano chini kabisa ya ukingo wa mlango. Tambara likirudi na rangi ya gari, simama hapo: pengine sehemu hiyo ilipigwa rangi upya gereji na rangi yake haikukomaa. Hiyo hata mafuta ya taa usiipelekee, achilia mbali thina. Breki oili isikaribie rangi yoyote.

Jaribio likipita, lowanisha vipande vya fulana kwa alizeti uvibandike juu ya madoa, uache robo saa. Madoa ya gari langu, mengi ya ukubwa wa punje ya mahindi, yalianza kutiririka mistari myeusi chini ya tambara. Ndipo unapangusa, mpanguso mmoja kwa upande mmoja, na tambara lililoshika punje ya kokoto unaliweka pembeni. Yaliyogoma yalipata mafuta ya taa kwa dakika moja tu, kisha sabuni. Plastiki isiyopakwa rangi na mipira ya milango iishie kwa alizeti, na diski za breki zisipate mafuta ya aina yoyote. Ukimaliza, paka nta ya gari, kwani ile ya zamani imeondoka pamoja na lami. Afadhali zaidi uipake kabla ya safari, lami inashika kwa uvivu juu yake. Matambara yatandaze nje yakauke. Ukiyasokota na kuyarundika kwenye kona, mafuta ya alizeti yanaweza kujipasha moto yenyewe.

Gari lilitoka safi. Suruali naivalia shambani. Nilikuwa na haraka ya kwenda kikaoni, nikaipiga pasi duara ya njano ikiwa bado pale, na hiyo duara ipo hadi leo, kubwa kama sarafu ya shilingi mia.