Varianzi ya sampuli na kai-mraba: anza na namba mbili tu

Wengi huanza na fomula ya n yoyote, wakapotelea humo. Mimi huanza na n = 2, kwa sababu hapo kila kitu kinaonekana.

Hatua ya 1. Chukua X₁ na X₂, zisizotegemeana, kutoka mgawanyo wa kawaida wenye wastani μ na varianzi σ². Ukikokotoa varianzi ya sampuli, inabaki hivi: S² = (X₁ − X₂)²/2. Tofauti X₁ − X₂ nayo ni ya kawaida, wastani wake 0 na varianzi 2σ². Kwa hiyo S²/σ² ni mraba wa Z moja ya kawaida sanifu, na hiyo ndiyo kai-mraba yenye digrii 1 ya uhuru. Angalia: namba mbili ziliingia, μ ikajifuta yenyewe, digrii ikabaki moja.

Hatua ya 2. Kwa n yoyote, gawanya jumla hii vipande viwili:

Σ(Xᵢ − μ)²/σ² = (n − 1)S²/σ² + n(X̄ − μ)²/σ²

Upande wa kushoto ni kai-mraba ya digrii n. Kipande cha mwisho ni Z moja iliyopigwa mraba, yaani digrii 1. Inajaribu kusema "basi kinachobaki ni n − 1", lakini bado. Kutoa huko kunaruhusiwa tu kama vipande viwili vya kulia havitegemeani.

Hatua ya 3. Hapa ndipo ukawaida wa data unapofanya kazi. Kovarianzi ya Xᵢ na X̄ ni σ²/n, sawasawa na varianzi ya X̄, hivyo kovarianzi ya Xᵢ − X̄ na X̄ ni sifuri. Kwa data ya kawaida, sifuri hiyo inatosha kuthibitisha kutotegemeana. Kwa data nyingine haitoshi. Sasa ndiyo tunaweza kuandika: (n − 1)S²/σ² ni kai-mraba ya digrii n − 1.

Hatua ya 4. Jaribu kwa n = 5 na σ = 3:

```python
import numpy as np
x = np.random.normal(10, 3, (100000, 5))
q = 4 * x.var(axis=1, ddof=1) / 9
print(q.mean(), q.var(), (q < 4).mean())
```

Utapata karibu 4, 8 na 0.594. Namba ya tatu ndiyo ninayoipenda: S² haina upendeleo, ila takribani sampuli 59 kati ya 100 huipa varianzi thamani ndogo kuliko ilivyo. Mkia mrefu wa kulia ndio unaorudisha wastani mahali pake.

Ukiona wastani wa 3.2, umesahau `ddof=1`. NumPy imegawanya kwa n.

Kisha weka `np.random.exponential(3, (100000, 5))` mahali pa `normal`. Varianzi ya data bado ni 9 na wastani wa q bado ni 4, lakini varianzi ya q inaruka kutoka 8 hadi karibu 27. Kuongeza n hakuponyi hilo: hata sampuli ikiwa kubwa sana, varianzi ya S² hubaki takribani mara nne ya ile ambayo kai-mraba inaahidi.