Kabla hujalipa kumaliza mkopo mapema, kagua hesabu ya barua uliyopewa

Umepata fedha, unataka kuumaliza mkopo kabla ya muda wake, na mkopeshaji amekuandikia barua yenye kiasi cha kulipa. Usilipe bado. Kaa chini na kalamu na kikokotoo, upige hesabu yako mwenyewe kwanza. Haichukui hata nusu saa.

Omba barua inayotenganisha vitu vitatu: salio la msingi, riba iliyolimbikizwa tangu rejesho la mwisho, na adhabu ya kulipa mapema. Ukipewa namba moja tu ya jumla, irudishe. Jumla peke yake haikaguliki.

Tafuta mkataba wako na stetimenti ya mkopo hadi siku ya leo. Kwenye mkataba unatafuta mambo mawili tu: riba inatozwa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho, na kifungu cha adhabu kinasema asilimia ngapi, ya kitu gani. Hayo maneno "ya kitu gani" yasome mara mbili. Asilimia 2 ya salio la msingi na asilimia 2 ya mkopo wa awali ni fedha tofauti kabisa.

Sasa salio la msingi. Hapa ndipo mimi nilipoumia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mkopo wangu ulikuwa 1,200,000, wa miezi 24, riba asilimia 18 kwa mwaka kwenye salio linalopungua, yaani asilimia 1.5 kwa mwezi. Rejesho lilikuwa 59,909 kila mwezi. Nilikuwa nimelipa marejesho 14 bila kuchelewa hata siku moja, yamebaki 10, na siku 12 zilikuwa zimepita tangu rejesho la mwisho. Barua ikaja: salio 599,090, riba ya siku 12 ni 3,545, adhabu ya asilimia 2 ni 11,982, jumla 614,617. Imepangwa vizuri, ina mhuri. Nikalipa siku hiyohiyo, nikatoka nimefurahi.

Wiki tatu baadaye ndugu yangu naye alitaka kumaliza mkopo wake, akaniomba nimsaidie kuelewa barua yake. Nikatoa yangu nimwonyeshe mfano. Nikachukua lile salio la 599,090, nikaligawanya kwa rejesho la 59,909. Jibu: 10 kamili. Nikarudia nikidhani nimebonyeza vibaya. Ni 10 kamili.

Elewa maana yake. Ndani ya kila rejesho mna riba ya mwezi huo pamoja na sehemu ya msingi. Ukizidisha rejesho kwa miezi iliyobaki, unajumlisha pia riba ya miezi 10 ambayo haijafika, riba ya fedha ambazo hutakuwa nazo tena. Anayelipa mapema hadaiwi riba hiyo. Salio halisi la msingi lazima ligawanyike kwa rejesho na kutoa namba ndogo kuliko miezi iliyobaki. Kwangu ilitakiwa kutoka 9.22 hivi. Jibu likiwa namba kamili inayolingana na miezi iliyobaki, hilo ni jumla ya marejesho, hata kama barua imeliita salio la msingi.

Salio halisi unalipata hivi. Mwezi wa kwanza, asilimia 1.5 ya 1,200,000 ni 18,000, hiyo ndiyo riba. Itoe kwenye rejesho, inabaki 41,909 iliyopunguza msingi, salio linakuwa 1,158,091. Mwezi wa pili riba ni 17,371, msingi umepungua kwa 42,538, salio 1,115,553. Endelea hivyo mistari 14. Mimi nilifanya kwa penseli kwenye daftari, mstari kwa mstari, nikafika 552,490. Mwenye programu ya majedwali kwenye kompyuta anaandika mstari mmoja tu:

```
=FV(1.5%,14,59909,-1200000)
```

Jibu ni lilelile. Tofauti na salio la barua ni 46,600, nayo yote ni riba ya miezi ambayo haijafika.

Ubaya ni kwamba kosa halikuishia hapo. Riba ya siku 12 walikuwa wameitoza juu ya salio lililovimba. Adhabu nayo vilevile. Hesabu sahihi ya riba ni 552,490 zidisha kwa 0.18, gawanya kwa 365, unapata 272.46 kwa siku, na kwa siku 12 ni 3,270. Adhabu, kwa kuwa mkataba wangu ulisema asilimia 2 ya salio la msingi, ni 11,050. Jumla yote 566,810. Nilikuwa nimelipa 47,807 zaidi, karibu asilimia 80 ya rejesho zima.

Niliporudi ofisini, ofisa mikopo aliniambia, "Ndivyo mfumo unavyosoma." Sikubishana. Niliandika barua ya ukurasa mmoja, nikaambatisha jedwali la mistari 14 na nakala ya kifungu cha mkataba, nikagongewa mhuri wa kupokelewa. Fedha ilirudi, lakini baada ya miezi mitatu ya kufuatilia. Ningefanya mgawanyo ule mmoja kabla ya kulipa, nisingehangaika.

Tahadhari: hesabu hii ni ya mkopo ulio na riba kwenye salio linalopungua, na wewe umelipa kwa tarehe. Kama uliwahi kuchelewa, stetimenti itaonyesha salio kubwa kuliko jedwali lako, na huenda ni haki yao. Tafuta mwezi ambao namba zilianza kuachana, ndipo uulize. Na kama riba ilipigwa yote tangu mwanzo juu ya mkopo mzima, mkataba ndio utakaosema ni kiasi gani unasamehewa ukimaliza mapema. Usidai kwa hesabu ya salio linalopungua mahali ambapo hukuikubali.

Kwenye riba ya siku, hesabu siku mwenyewe kwa kalenda, kuanzia rejesho la mwisho hadi siku utakayolipa. Wengine hutoza mwezi mzima hata kama zimepita siku 12. Kwangu ingekuwa 8,287 badala ya 3,270. Wengine hugawanya kwa 360 badala ya 365, na hapo tofauti ni ndogo, angalia tu mkataba unasemaje. Uliza pia barua inaisha lini na kila siku ya kuchelewa inaongeza kiasi gani. Namba hiyo ya kwa siku ukiizidisha kwa 365, au kwa 360 kama ndivyo mkataba unavyosema, na kuigawanya kwa salio la msingi, lazima irudi kwenye riba yako ya mwaka. Isiporudi, kuna kitu.

Hakikisha rejesho la mwisho lililokatwa kwenye mshahara limeshaingia kwenye stetimenti kabla barua haijaandikwa. Likiwa bado njiani, utalilipa mara mbili.

Ada yoyote isiyo na kifungu kwenye mkataba, omba waioneshe kwa maandishi. Kama ulilipia bima ya mkopo ya muda wote, uliza kuhusu sehemu ya miezi isiyotumika. Ukishalipa, chukua risiti, barua ya kumaliza deni na hati za dhamana, na simamisha makato kwa maandishi. Mwezi unaofuata fungua akaunti uangalie kama hayajakatwa tena, na mwezi wa pili vilevile.